Lehemu Inaviringika, Haikamati: Kusoma Kiungo Kibovu cha Waya Uliokula Chumvi

Taa aliileta Ami mmoja wa Matondoni, ameifunga ndani ya kipande cha kikoi. Ni taa ya sola ya kawaida, paneli ndogo ya volti 6 na waya wa mita tatu hivi, na kazi yake ni kuning'inia mlingotini usiku akienda kuvua. "Yeo siku ya tatu haili chaji," akaniambia, "na kuna mtu keshailehemu mara mbili." Nikabandua tepu. Ndani nikakuta matone mawili ya lehemu ya kijivu, kila moja kama punje ya mtama, yamekaa juu ya nyuzi za shaba nyeusi tititi. Nilipolishika moja kwa kucha na kulivuta, liliteleza juu ya waya kama ushanga kwenye uzi.

Hapo nilikuwa nimeshapata nusu ya jibu. Watu wengi hapa Lamu lehemu ikikataa kukamata hulaumu mojawapo ya mambo mawili: ama lehemu ya siku hizi ni mbovu, ama chuma cha kulehemia hakina nguvu. Basi hununua chuma kikubwa zaidi, hukandamiza kwa muda mrefu zaidi, na mwisho huunguza ganda la waya, na tone likabaki kuwa tone. Lehemu mbovu ipo, na chuma dhaifu kipo. Lakini kila kosa lina sura yake kwenye kiungo, na ukiitazama sura hiyo kabla ya kuwasha chuma tena utajua kama shida ni uchafu, ni joto, au ni flaksi, ile dawa inayoisafisha shaba wakati wa kulehemu. Nitazieleza sura hizo kwa mpangilio ninaokutana nazo mezani kwangu, si kwa mpangilio wa darasani.

Kabla ya chochote, chomoa betri ya taa au redio unayoitengeneza, na paneli uifunike kwa nguo au uilaze kifudifudi. Paneli iliyo juani ina umeme hata kama hakuna swichi iliyowashwa.

Lehemu inaviringika, inakaa kama tone

Tazama ukingo wa tone pale linapogusana na waya. Lehemu iliyokamata hutambaa na kuwa nyembamba pembeni, ikaishia bila ngazi, kama maji yaliyomwagika kwenye sakafu ya saruji. Isiyokamata hujikunja chini, ukingo umeingia ndani, kama tone la maji kwenye jani la mgomba. Tone la namna hiyo halijaungana na shaba. Limeishikilia tu, kama ushanga ulivyoshikilia uzi.

Sababu ni kwamba lehemu haifanyi kazi kama gundi. Bati lililomo ndani yake, likishayeyuka, huingiliana na shaba na kufanya utando mwembamba sana ambao ni bati na shaba kwa pamoja. Bila utando huo hakuna kiungo. Na shaba iliyofunikwa na kutu haimpi bati nafasi ya kuigusa. Bara, waya uliokaa ndani ya redio miaka kumi unaweza kuwa umefifia rangi kidogo tu, na flaksi iliyomo ndani ya lehemu ikatosha kuusafisha. Kwetu mambo ni mengine. Upepo wa kusi unakuja na unyunyu wa bahari, chumvi inatua kwenye kila kitu, na chumvi yenyewe inavuta unyevu hata siku isiyo na mvua. Shaba inakuwa ya kahawia, halafu nyeusi, halafu inatoa unga wa kijani.

Jambo ambalo wengi hawalitazamii ni umbali. Maji ya chumvi yakiingia kwenye waya wa nyuzi nyingi pale ulipokatwa, hupanda ndani ya ganda baina ya nyuzi, kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi. Kwa nje waya ni mzuri, mwekundu na mweusi, ganda halina hata mkwaruzo. Ndani umeoza. Waya wa yule Ami niliukata sentimita tatu kutoka kwenye kiungo, nyuzi bado nyeusi. Nikakata tena sentimita tano. Nyeusi. Nilipofika kwenye sentimita kumi na nne ndipo nikaona wekundu wa shaba, na hata hapo haukuwa wekundu wa waya mpya. Kama waya una urefu wa kutosha, hii ndiyo dawa ya kwanza na iliyo bora: kata mpaka ukutane na shaba nyekundu. Usione huruma. Waya mpya mita moja ni rahisi kuliko kulehemu mara tatu.

Pasipo nafasi ya kukata, kwa mfano waya mfupi unaotoka nyuma ya paneli, itabidi ukwaruze. Zichanue nyuzi kama ufagio juu ya kipande cha ubao, uzikwaruze kwa mgongo wa wembe au kwa msasa laini, uzigeuze, ukwaruze upande wa pili. Usitumie makali ya wembe, utazikata. Ukishaona zinang'aa, zisokote na uzilehemu hapohapo. Waya niliousafisha jioni nikauacha wazi mpaka asubuhi huku dirisha likipulizwa na kusi, niliukuta umefifia tena.

Wapo wanaosafisha kwa ndimu na chumvi, na ni kweli weusi unatoka mbele ya macho yako. Lakini kile kinachotoa weusi kinabaki baina ya nyuzi na kuendelea kula. Ukilazimika, suuza kwa maji matamu mara mbili tatu, kausha kabisa juani, ndipo ulehemu. Mimi hutumia njia hiyo kwa vipande vikubwa kama vibanio vya betri, si kwa waya wa nyuzi.

Sasa kuna mtego mmoja. Umekwaruza vizuri, waya unang'aa, flaksi umeweka, na lehemu inaviringika zaidi kuliko mwanzo. Angalia rangi ya pale ulipokwaruza. Ikiwa ni nyeupe badala ya nyekundu, huo si waya wa shaba. Ni alumini iliyopakwa ngozi nyembamba ya shaba, na wewe umeiondoa ngozi yenyewe kwa msasa. Nyaya hizi zimejaa kwenye vifaa vya bei ya chini, na zina dalili zake: ni nyepesi mkononi na hukatika ukizikunja mara chache. Ukichukua uzi mmoja na kuutia kwenye moto wa kiberiti cha gesi, wa shaba utawaka wekundu na kubaki mzima, wa alumini utajikunja na kukatika. Lehemu ya kawaida na flaksi ya kawaida hazikamati alumini. Waya kama huo badilisha, au ukiwa mzima ndani ya ganda lake, menya upya na ulehemu bila kukwaruza.

Lehemu inachelewa kuyeyuka, au inayeyuka kwenye ncha tu

Hapa ndipo nguvu ya chuma inapoingia, na kuna jaribio moja linalomaliza ubishi. Weka ncha ya chuma upande mmoja wa waya, na lehemu uiguse upande wa pili, isigusane na ncha. Kama waya umepata joto, lehemu itayeyuka kwa kuugusa waya wenyewe. Kwa waya mwembamba wa taa au redio, isizidi sekunde tatu au nne. Ukihesabu mpaka kumi na lehemu imebaki kavu, waya haupati joto, na hata ukiidondoshea lehemu kutoka kwenye ncha itaganda juu tu.

Sababu ya kwanza ya kutazama si wati, ni ncha. Ncha nyeusi yenye ukoko haipitishi joto, hata ikiwa chuma ni cha wati 100. Ncha nzuri ina sehemu ndogo mwishoni inayong'aa kama kioo, imefunikwa na lehemu mbichi. Ili kuirudisha, iguse kwenye sifongo yenye unyevu au kwenye kifundo cha waya laini wa shaba, uitie ndani ya flaksi, uiyeyushie lehemu, ufute, urudie mpaka ing'ae. Sifongo iloweshe kwa maji ya kunywa au ya mvua. Visima vingi vya hapa vina maji ya chumvichumvi, na hiyo chumvi unaipaka kwenye ncha kila unapoifuta. Tupa ni ya ncha za shaba tupu peke yake. Ncha nyingi za sasa ni shaba iliyofunikwa na madini ya chuma, na ukizipiga tupa unatoboa kifuniko, halafu lehemu inaila shaba ya ndani mpaka ncha inabaki na shimo kama jino bovu.

Ncha ikiwa safi na waya bado haupati joto, ndipo uulize wati. Wati si kipimo cha ukali wa moto. Chuma cha wati 30 kikiwa kimekaa bure kinaweza kuwa na moto uleule wa chuma cha wati 60. Tofauti inaonekana unapokiweka kwenye kitu kinachokunywa joto. Waya mnene unalichukua joto na kulipeleka mbali, ncha inapoa, na chuma kidogo hakina uwezo wa kulirudisha haraka. Kwa bodi ya redio na nyaya nyembamba, wati 25 mpaka 40 zinatosha. Kwa waya wa paneli kubwa, ule wa milimita 4 au 6 za mraba, utahitaji 60 mpaka 100 na ncha pana. Kuulehemu waya huo kwa chuma cha 30 ni kuupika: dakika nzima ya joto la chinichini linayeyusha ganda, na lehemu haikamati. Ndiyo maana chuma kikubwa kwa muda mfupi hakiharibu sana kama chuma kidogo kwa muda mrefu. Ingawa kwenye bodi, chuma cha wati 100 kitabandua ukanda wa shaba kabla hujapepesa jicho.

Na hizo wati zilizoandikwa kwenye mpini ni za volti zilizoandikwa hapohapo. Umeme ukishuka, wati zinashuka kwa kasi kuliko volti, kwa sababu zinakwenda kwa mraba. Chuma cha wati 60 cha volti 240 kikipata volti 200, kinabaki na kama wati 42. Kikipata 180, kinabaki na kama 34. Kijana mmoja wa Shela aliniletea chuma chake akisema kimekufa, kwangu kikafanya kazi vizuri. Tukaenda kwake na mita. Alikuwa akikitumia mwisho wa waya mwembamba mrefu uliovuka ua kutoka nyumba ya pili, jioni ambapo watu wote wamewasha vitu vyao, na mita ikasoma 187. Chuma kilikuwa kizima, wati ndizo zilizokuwa zimepungua.

Upepo nao ni sababu, na unasahaulika. Meza yangu ya zamani ilitazama bahari, na ilinichukua muda kuelewa kwa nini chuma kilekile kinafanya kazi usiku na kugoma mchana. Ncha ndogo ikipulizwa inapoa. Nilihamia nyuma ya ukuta wa matumbawe na shida ikaisha, ila jasho ndilo likaongezeka.

Lehemu inavutika, inaacha miba

Ukiondoa chuma na lehemu ikafuata ncha kama uji mzito, ikaacha mwiba, flaksi imekwisha. Flaksi ya elektroniki ni utomvu wa msonobari. Ukiwa baridi ni kitu kigumu kisicho na madhara. Ukipata joto unayeyuka, unakuwa na ukali kidogo, unaila kutu nyembamba na kuikinga shaba isishike kutu mpya wakati bado ina moto. Lehemu nzuri ya waya ina utomvu huo katikati yake, kama risasi ya penseli. Lakini unafanya kazi kwa sekunde chache tu. Ule moshi mweupe unaouona ndio utomvu unaondoka, na moshi ukikoma, umebaki na chuma na lehemu peke yao.

Kosa kubwa hapa ni kuichota lehemu kwa ncha na kuibeba mpaka kwenye waya, kama anayebeba rangi kwa brashi. Mpaka ufike, utomvu wote umeshaungua njiani. Joto liende kwanza, lehemu ifuate, na iyeyukie palepale kwenye waya. Kwenye kiungo cha zamani, usikipashe tena kikavu. Weka tone la flaksi au lehemu mbichi kidogo, ukiyeyushe, utaona miba inarudi ndani na sura inalainika. Moshi wenyewe unawasha kifua, kwa hiyo usiiname juu yake. Lehemu nyingi ina risasi, basi nawa mikono kabla ya kula, na kahawa iweke meza nyingine.

Flaksi ya pili ndiyo inayoniletea kazi nyingi kuliko zote: ile ya fundi wa bati, ya maji makali, anayotumia kuzibia masufuria na madumu. Inakamata ajabu. Waya mweusi, uliokwaruzwa nusunusu, unakubali. Mtu anafurahi, anafunga tepu, anaondoka. Baada ya wiki chache kiungo kina unga wa kijani na nyuzi zinakatika zenyewe, kwa kuwa ule ukali haujaondoka. Sufuria unaweza kuiosha kwa maji mengi na sabuni. Ndani ya waya wa nyuzi au chini ya kijidude cha kwenye bodi huwezi kufika. Kwa hiyo ukikutana na kijani kilichoanzia kwenye kiungo chenyewe, na mbali na kiungo waya ni safi, usiilaumu bahari. Mtu alitumia flaksi ya bati. Bahari huanzia pale maji yalipoingilia na kutambaa, haianzi katikati ya waya uliofungwa.

Kiungo ni cha kijivu, hakina mng'ao

Kama lehemu ni ya bati na risasi, kijivu chenye chembechembe maana yake kilitikiswa kabla hakijaganda. Lehemu iliyoandikwa `Sn63Pb37`, yaani bati 63 na risasi 37 kwa mia, inaganda mara moja kwenye nyuzijoto 183 za Selsiasi. Ile ya `Sn60Pb40` inapitia hali ya ujiuji kati ya 190 na 183, na ukiutikisa waya hapo inapasuka ndani. Yenye bati kidogo zaidi inakaa ujiuji muda mrefu zaidi, na ndiyo inayowachosha watu wanaoshika waya kwa mkono. Dawa ni kukiyeyusha tena kwa flaksi na kukishikilia kimya, hesabu tano.

Ila ukisoma `Sn99.3Cu0.7` kwenye kidonge cha lehemu, hiyo haina risasi, inayeyuka kwenye 227, na hata kiungo chake kizuri hakiwi na mng'ao wa kioo. Hapo usiihukumu rangi, uhukumu ukingo kama nilivyoeleza juu. Na chuma chako kinahitaji moto zaidi.

Kinaonekana kizima, lakini kifaa hakifanyi kazi

Taa ya Ami, lile tone la pili halikuteleza. Lilionekana limeshika. Mita ikipima kutoka paneli mpaka kwenye kichomekeo, taa ikiwa haijachomekwa, ilisoma karibu volti 7, na mtu angeapa kwamba waya ni mzima. Kosa la kipimo hicho ni kwamba umeme hautembei. Hata njia nyembamba kama unywele inaonyesha volti kamili ikiwa hakuna kinachovuta.

Nikachomeka taa, nikaweka paneli juani, mita kwenye volti 20 za umeme wa betri, halafu sindano moja upande huu wa kiungo na nyingine upande wa pili wa kiungo kilekile. Kiungo kizuri kinasoma 0.00, kwa sababu hakizuii kitu. Hiki kilisoma 1.4. Maana yake volti moja na nusu kasoro ya jua ilikuwa inaishia ndani ya lile tone, na betri inapata makombo. Jaribio hili ndilo ninalowafundisha vijana kabla ya kuwapa chuma, kwa kuwa linakutajia kiungo kibovu ni kipi bila kukata chochote.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Baada ya kukata zile sentimita kumi na nne, nilimenya sentimita mbili kila upande, nikazikwaruza kidogo, nikapitisha mpira wa kusinyaa, ule mrija unaobana ukipata joto, kwenye waya kabla ya kuunga. Nimeshawahi kuusahau mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na hakuna namna ya kuuingiza baadaye. Nikazipitisha nyuzi za upande mmoja ndani ya nyuzi za upande wa pili, nikasokota, nikapaka flaksi ya utomvu kiasi cha punje ya mchele. Chuma cha wati 40, ncha chini ya waya ikiwa na kijitone cha lehemu ili joto lipate daraja, lehemu juu. Sekunde ya kwanza flaksi ikayeyuka na kutoa povu. Ya pili nyuzi zikabadilika, kutoka wekundu mkavu mpaka wekundu wa kulowa. Ya tatu lehemu ikazama. Haikukaa juu, ilizama baina ya nyuzi na kutokea upande wa pili, na umbo la nyuzi likabaki linaonekana chini yake kama mishipa ya mkono chini ya ngozi. Nikaondoa lehemu, kisha chuma, nikatulia. Nikauvuta kwa nguvu, haukusogea. Mita: 0.00 kwenye kiungo chekundu, 0.00 kwenye cheusi. Mpira nilioutumia ni ule wenye gundi ndani, unaofunga maji. Ukiukosa, paka rangi ya kucha juu ya kiungo tabaka mbili, iache ikauke, ndipo uvike mpira wa kawaida. Tepu peke yake kwenye chombo cha bahari ni kuhifadhi chumvi isikauke.

Waya unakatika pembeni mwa kiungo

Baada ya wiki mbili Ami akarudi na taa ileile. Hakusema neno, aliiweka mezani. Kiungo kilikuwa kizima, kinang'aa. Waya ulikuwa umekatika milimita chache pembeni yake, safi kama umekatwa kwa mkasi.

Kosa hilo lilikuwa langu. Lehemu ikizama baina ya nyuzi haiishii pale unapotaka. Inatambaa ndani ya ganda, na popote ilipofika waya unageuka kuwa kijiti kigumu. Pale kijiti kinapokutana na waya laini, mtikiso wote wa mlingoti unakunja nukta moja. Siku kumi za mawimbi zinatosha. Dalili yake haifanani na nyingine yoyote: nyuzi zimekatika zote mahali pamoja, shaba nyekundu, hakuna weusi wala kijani. Ukiona hivyo usirudie kulehemu na kuondoka, utaonana naye tena baada ya wiki mbili nyingine.

Mara ya pili nilitumia lehemu kidogo, nikabana waya kwa koleo karibu na ganda ili koleo linywe joto na lehemu isipite. Mpira niliukata mrefu, ukavuka sehemu ngumu kwa sentimita mbili kila upande. Halafu nikamwambia, "Ami, waya usining'inie kwenye kiungo. Piga fundo juu yake, kamba ya mlingoti ibebe uzito." Akaniangalia kama mtu anayefundishwa kuogelea na mtoto wa bara. Akachukua uzi wa nyavu mfukoni, akafunga waya pande zote mbili za kiungo kwa fundo ambalo mimi silijui jina lake, akaacha kiungo kimelegea katikati kama kitanzi. Akalitikisa lote, kiungo hakikucheza.

Fundo hilo nalitumia mpaka sasa.